Simu imejaa, na gemu la mwanangu ndipo anapokutana na baba yake

Anti, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Nauza vitenge na madera kwa WhatsApp. Mzigo nachukua Kariakoo, napiga picha, naweka kwenye magrupu na status, mteja akilipa namtumia kwa bodaboda. Simu ndiyo duka langu. Ni ya GB 32 na sijawahi kuiwekea memori kadi. Sasa hivi mteja akinitumia picha ya kitenge anachokitaka haifunguki, na nikipiga picha ya mzigo mpya kamera inasema nafasi imejaa.

Kijana wangu mkubwa ana miaka 15. Jioni namwachia simu, anacheza Free Fire na mpira wa kwenye PPSSPP. Baba yake anaendesha lori la Tunduma, na kila akipata mtandao wanaingia Free Fire wote wawili, wanacheza huku wanaongea. Kuna wiki mimi hanipigii, lakini mtoto wamezungumza humo.

Nimepeleka simu kwa fundi, amesema dawa ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, au nifute magemu. Shemeji naye ananiambia nifute, kwamba gemu halilishi watoto. Kijana aliposikia alilia. Anacheza kwa Guest kwa sababu nilimkataza kufungua akaunti za mtandaoni, na anasema likifutwa basi linaondoka na kila alichokipata. Rafiki yake wa mtaani amesema atamuunganishia kwenye Facebook yake yeye rafiki.

Nilimwambia anisomee kwenye Storage kuna nini. Mfumo wa simu GB 11, programu GB 10, video GB 4.5, picha GB 2.5, faili nyingine GB 3.5. Kwenye programu, Free Fire ina GB 3.1, na kache yake ni MB 120 tu. TikTok ina GB 2.2, kache GB 1.6. Kwenye faili nyingine kuna mbili za mpira wa PPSSPP, moja GB 1.5 na nyingine GB 1.2.

Nifute nifanye biashara yangu, au ninunue memori kadi nihamishie hilo gemu? Naogopa kumtenga mtoto na baba yake, na naogopa kulala njaa.

Mama wa Mbagala

---

Mdogo wangu, afadhali umeandika kabla hujabonyeza chochote. Na mwambie kijana ahsante kwa kuzisoma hizo namba, maana jibu kubwa limo humo.

Fundi, shemeji, hata wewe mwenyewe, wote mmeanzia kwenye wazo kwamba gemu ndilo lililoila simu. Hebu tuzitazame namba tena. Free Fire imechukua GB 3.1, na hiyo si kidogo kwa simu ya GB 32. Lakini faili mbili za mpira ni GB 2.7, kache ya TikTok peke yake ni GB 1.6, na video ni GB 4.5. Simu yako kwa sasa imebakiwa na kama GB 0.5. Ukifuta Free Fire unapata GB 3.1. Ukisafisha kache ya TikTok na kuhamisha faili mbili za mpira unapata GB 4.3, na hapo Free Fire hujaigusa. Sikuambii kwamba gemu lisifutwe. Nakuambia tu kwamba hulazimiki kuanza na kile kinachoumiza zaidi.

Tuanze na kache, maana haihitaji hela. Kache ni vitu ambavyo programu imevihifadhi ili isivipakue tena, kama vipande vya video ambazo mtu ameshazitazama. Ikifutwa, hakuna kinachopotea ambacho programu haiwezi kukileta tena. Ingia Settings, kisha Apps, chagua TikTok, halafu Storage. Utaona vitufe viwili karibu karibu. Kimoja kimeandikwa Clear cache, kingine Clear storage au Clear data, kutegemea simu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelewa na vitu. Clear cache inatoa hivyo vya muda tu. Clear storage inairudisha programu kama siku uliyoiweka, haina akaunti, haina mipangilio, haina chochote. Ukiibonyeza kwenye Free Fire inayochezwa kwa Guest, umefanya lile lile kijana analoliogopa. Ukiibonyeza kwenye WhatsApp bila kuwa na chelezo, yaani nakala ya akiba, mazungumzo na wateja wako yanaondoka. Kwa hiyo kila mara soma neno la pili kabla kidole hakijashuka.

Utaona pia kwamba kufuta kache ya Free Fire hakukusaidii, ni MB 120 tu. Uzito wa gemu uko kwenye ramani, sauti na michoro iliyopakuliwa, na hivyo havihesabiwi kama kache. Ya TikTok nayo itajaa tena kadiri mnavyotazama. Ni nafuu ya siku chache hadi wiki chache, inayokupa pumzi ya kufanya yanayofuata.

Kabla ya memori kadi, pitia WhatsApp, maana nadhani sehemu kubwa ya hizo video inatoka kwenye magrupu. Ndani ya WhatsApp ingia Settings, halafu Storage and data, kisha Manage storage. Itakuonyesha vitu vinavyozidi MB 5 na vile vilivyosambazwa mara nyingi, vikubwa vikiwa juu. Futa usichokihitaji. Ukifutia kwenye galari badala ya humo, usishangae nafasi isiporudi, kwa sababu galari nyingi huweka vilivyofutwa kwenye kapu la taka kwa siku 30. Lisafishe hilo kapu ndipo namba zishuke.

Sasa memori kadi, na hapa naomba unisikilize vizuri kabla hujatoa hela, kwa sababu umeniuliza kama unaweza kuhamishia gemu huko. Kwa Free Fire, usiitegemee. Kwenye simu nyingi za Android programu haihami kwenda kwenye kadi kwa hiari ya mwenye simu. Ni lazima simu iruhusu na aliyeitengeneza programu awe ameruhusu pia. Ukiingia kwenye Storage ya gemu lenyewe kadi ikiwa ndani ya simu, na usione kitufe cha Change, basi hakuna njia ya kawaida. Na hata kikiwepo, mara nyingi kinachohama ni sehemu tu. Wapo watakaomwambia kijana akate folda ya gemu iliyo ndani ya Android/data au Android/obb aibandike kwenye kadi. Gemu haliendi kulitafuta folda lake kule. Litafunguka, halitaona mafaili yake, litaanza kuyapakua upya, na bando litaisha huku nafasi ikijaa kama mwanzo. Tangu Android 11, mfumo wenyewe umezuia programu za kupangia faili zisiguse folda hizo ovyo.

Kuna njia nyingine ambayo fundi anaweza kukupendekezea. Tangu Android 6.0, baadhi ya simu zinaweza kuichukua kadi na kuifanya sehemu ya memori ya ndani. Inavutia, kwa sababu ghafla simu inaonekana ina GB 64. Lakini kufanya hivyo kunafuta kila kilichokuwa kwenye kadi, na baada ya hapo kadi inafungwa kwa siri ya simu hiyo hiyo moja. Ukiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine haisomeki, na ikiharibika, programu zilizokuwa juu yake zinaondoka nayo. Kadi ikiwa ya mwendo mdogo, simu nzima inakuwa nzito. Kwa simu ambayo ni duka, mimi ningesita sana.

Ambacho memori kadi inakifanya vizuri ni kubeba faili za kawaida, na wewe unazo. Picha za mizigo ya zamani, na hizo faili mbili za mpira. PPSSPP ni tofauti na Free Fire. Ni programu ya kuchezea kwenye simu michezo ya mashine ya PSP. Yenyewe ni ndogo, na kila mchezo ni faili moja kubwa, kwa kawaida yenye mwisho wa .iso au .cso, ambalo unaweza kuliweka popote. Kijana atengeneze folda kwenye kadi, anakili faili zote mbili huko, kisha afungue PPSSPP na kulitafuta kila faili kwenye kadi. Acheze mechi nzima kutoka kwenye kadi. Likicheza bila kukwama, ndipo afute lile la ndani ya simu. Neno lenyewe ni kunakili, siyo kukata. Ukikata na simu ikazima katikati, unaweza kubaki na faili lisilokamilika.

Lakini faili la mchezo si mahali ambapo mafanikio yake yamehifadhiwa, na hili ajue kabla hajaanza kufuta. Ligi anayoichezea na wachezaji aliowasajili viko kwenye folda ya SAVEDATA, iliyo ndani ya folda inayoitwa PSP. Hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na mchezo wenyewe, kwa hiyo ibaki ndani ya simu, na nakala yake iwekwe kwenye kadi na nyingine mahali pengine kabisa, kama kwenye Drive yako. Kuna kitu kimoja cha kuangalia. PPSSPP inapoanza kutumika kwenye simu mpya huuliza folda hiyo ikae wapi. Kama aliruhusu ikae kwenye eneo la siri la programu, siku PPSSPP ikiondolewa na SAVEDATA inaondoka nayo. Aingie Settings za PPSSPP, sehemu ya System, atazame Memory Stick folder imeelekezwa wapi. Akikuta ni huko, aibadilishe iende kwenye folda ya kawaida, na programu itamuuliza kama ihamishe data. Pia azoee kuhifadhi ligi kwa menyu ya mchezo wenyewe. Vile vitufe vya Save State vya PPSSPP ni vya haraka, lakini toleo la programu likibadilika vinaweza kukataa kufunguka.

Ukienda Kariakoo kununua kadi, ya GB 32 inakutosha, na tafuta iliyoandikwa A1, alama inayomaanisha imepimwa kwa kusoma na kuandika faili ndogo ndogo kwa kasi. Jihadhari na kadi ya GB nyingi mno kwa bei ya ajabu. Kadi za bandia hudanganya simu kuhusu ukubwa wao. Mwanzoni zinapokea kila kitu, na baadaye picha zinageuka kijivu au video hazifunguki, kwa sababu zimeandikwa mahali ambapo hapapo. Ukifika nyumbani, ijaze kwa video hadi karibu na mwisho, ichomoe na kuirudisha, halafu fungua zilizoingia mwanzo, za katikati na zilizoingia mwisho. Zote zikifunguka, iamini. Ufanye hivyo kabla hujafuta picha hata moja ya mzigo kwenye simu, na risiti ukiwa bado unayo.

Nirudi kwa Free Fire. Kijana amekuambia ukweli. Akaunti ya Guest haina jina wala nenosiri. Kinachomtambulisha ni alama iliyoachwa ndani ya simu hiyo. Vitu alivyovipata viko kwenye kompyuta za wenye gemu, lakini njia pekee ya kuvifikia ni hiyo alama, na ikifutwa, vitabaki kule asiweze kuvifikia. Kwa hiyo hata usipofuta gemu leo, hali yake ni ya hatari. Simu ikiibwa kwenye daladala au ikaingia maji, matokeo ni yale yale. Ndiyo maana, uamue kufuta au usifute, nafikiri suala la akaunti halikwepeki, na hapo ndipo katazo lako kwa mtoto linapokutana na jambo hili. Ulikataza kwa sababu ya kumlinda, na sikulaumu. Naomba ujiulize tu kama ulichokuwa unakiogopa ni akaunti, au ni watu ambao angekutana nao kupitia akaunti. Kwenye Free Fire yumo tayari kama Guest, na wageni wanaweza kuongea naye. Akaunti ya Google ya kushikilia gemu haiongezi mlango mpya wa hao wageni.

Naona njia tatu, na kila moja ina uzito wake. Ya kwanza ni Facebook ya rafiki. Ni ya haraka, na huenda rafiki ana nia njema. Lakini aliye na hiyo Facebook ndiye mwenye gemu. Wakigombana, au Facebook ya rafiki ikidukuliwa, kijana hana pa kulalamika, na kuiondoa huko baadaye ni kazi. Ya pili ni Gmail yako wewe. Iko salama, na unaona kinachoendelea. Ubaya wake ni kwamba siku atakapopata simu yake itabidi aingize barua pepe yako huko, ile ile yenye biashara yako na namba za watu. Ya tatu ni Gmail yake mwenyewe, mnayoifungua wote mkiwa mmekaa, nenosiri limeandikwa kwenye daftari lako na namba yako ya simu ikiwa ndiyo ya kuirudishia. Umri wake unaruhusu. Hii inakutaka ulegeze katazo kidogo, na wewe ndiye unayejua kama mmefika hapo.

Mkishachagua, utaratibu ni huu. Afungue wasifu wake kwenye gemu, apige picha ya skrini inayoonyesha UID, yaani namba yake ya mchezaji, na levo yake, na UID aiandike pia kwenye daftari. Kisha aingie kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya akaunti, aiunganishe ile ya Guest na akaunti mliyochagua. Asitoke kwanza ndipo aingie upya kwa Google. Kuunganisha na kuingia ni mambo mawili, na ukiingia moja kwa moja kwa Google mpya unaanzishiwa mchezaji mpya wa levo 1. Ikija taarifa kwamba akaunti hiyo imeshaunganishwa na mchezaji mwingine, aishie hapo hapo, msilazimishe, tumieni nyingine. Hutokea sana kwenye Gmail ambayo mtu aliwahi kuijaribia gemu zamani akasahau.

Halafu hakikisheni kwenye simu ya mtu mwingine. Weka Free Fire kwenye simu ya ndugu yenye nafasi, ingieni kwa akaunti ile, mtazame UID. Ikiwa ni ile ya kwenye daftari na levo ni ile ile, sasa gemu linaweza kufutwa kwenye simu yako na kurudishwa siku yoyote, kwa gharama ya bando la kulipakua tu. Ikiwa UID ni nyingine, hamjaunganisha, na simu yako isiguswe. Nisingetumia simu ya baba yake kwa jaribio hili kabla ya kumuuliza yeye anaingiaje. Kama naye ni Guest, yuko kwenye hatari ile ile huko njiani, na huenda hajui.

Ukifika hapo, swali lako la kufuta au kutofuta linabadilika. Mnaweza kulifuta msimu wa mzigo mwingi na kulirudisha baba akikaribia kupata mtandao, ingawa bando la kupakua kila mara litauma. Mnaweza kuliacha, kama hizo GB 4.3 na video za WhatsApp zimekutosha. Mnaweza kulifuta na kulipakua upya mara moja, kijana akichagua ramani anazozichezea tu, likarudi likiwa jepesi. Ongea na baba yake pia kabla ya kuamua, maana kwa ulivyoandika, naye ana lake humo, na sijasikia kama anajua simu imefika hapo.

La fundi nimelibakiza. Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani kutaondoa kila kilicho ndani: picha, WhatsApp isiyo na chelezo, SAVEDATA, na Guest. Usitegemee chelezo ya Google ikuokolee gemu. Ile ya programu ina kikomo cha MB 25 kwa kila programu, na mwenye programu anaweza kuwa ameizuia kabisa. Na simu ikitoka huko, ule mfumo wa GB 11 utakuwepo vile vile, na mkirudisha programu zile zile mtarudi mlipo. Dawa hiyo ina kazi yake pale simu inapojizima au inapogoma kufunguka. Yako, kwa maelezo yako, imejaa tu. Ukiona umeshatoa GB 4 na zaidi na bado kamera inakataa, hapo rudi kwa fundi na umwambie hivyo, kwa sababu litakuwa tatizo jingine.